Amana na Yakini Tatu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee wa Ziwa la Ng'ombe



Kamati imenitaka niseme juu ya amana, nami nimeona ni heri nishike jambo moja tu katika bahari hiyo pana: ni maneno gani yanayoifanya amana iwe amana mbele ya sheria, na mali huenda wapi maneno hayo yakipungua. Nimelichagua jambo hili kwa kuwa hapa mtaani kwetu mtu humkabidhi mwenziwe nyumba au fedha kwa maneno machache ya heshima, na wote wawili wakaondoka wakidhani shughuli imekwisha. Mtoaji akishakufa ndipo maneno yale yanapopimwa, na yeye hayupo tena kueleza alikusudia nini.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu ya kila siku amana ni kitu ulichomwekea mtu, naye hana budi kukurudishia wewe mwenyewe utakapokihitaji. Hapo pana watu wawili tu. Amana ninayoisema leo ina nafasi tatu: mwekaji, aliyeitoa mali, mdhamini, anayeishika kwa jina lake, na mfaidika, ambaye mali ile inashikwa kwa manufaa yake. Mdhamini ndiye anayeonekana katika hati, ndiye anayepokea kodi na kutia sahihi. Lakini tunda la mali si lake. Akilila, mfaidika aweza kumshitaki.

Huenda mzee mmoja akauliza, kwa nini watu wa Mombasa wafuate kanuni zilizotungwa na majaji wa Uingereza? Jibu limo katika Sheria ya Mahakama ya Kenya ya mwaka 1967. Kifungu chake cha 3 chaziagiza mahakama zetu kutumia, pale ambapo sheria zilizotungwa nchini hazikusema, kanuni za haki na insafu zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti, 1897, kwa kadiri zinavyolingana na hali ya nchi na watu wake. Kanuni ya yakini tatu ilikuwa imekwisha simama kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo imeingia nchini kwa mlango huo.

Kanuni yenyewe ilitamkwa na Jaji Langdale mwaka 1840, katika shauri la Knight na Knight. Alisema kwamba ili amana isimame, pawe na yakini ya mambo matatu. La kwanza ni maneno: yaonyeshe kwamba mpokeaji amelazimishwa, si kwamba ameombwa tu. La pili ni mali: ijulikane ni kitu gani na kiasi gani. La tatu ni wafaidika: wajulikane ni nani. Likikosekana moja, amana haipo. Hata hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu, mali haiendi mahali pamoja kila mara. Kila yakini ikikosekana huipeleka mali njia yake.

Wazee wetu wanaoijua wakfu watatambua kwamba jambo hili si geni. Katika wakfu pia hutafutwa nguzo nne: mwenye kuweka, mali inayowekwa, wanaowekewa, na tamko. Ukimwondoa mwekaji, zilizobaki ni mali, wafaidika, na maneno. Lakini wakfu ina sheria yake na Tume yake, nami sitaiingia leo. Nasema juu ya amana ya kawaida, ambayo mtu wa dini yoyote aweza kuiweka.

Ili tusipotee, na tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Tuseme yuko mzee hapa Ziwa la Ng'ombe mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6. Katika viwili anakaa mwenyewe, na vinne amepangisha. Ndugu yake amefariki na kuacha yatima watatu. Mzee ana wanawe wa kiume, watu wazima, lakini anataka nyumba hii iwasaidie wale yatima. Anaye rafiki anayemwamini, basi anaihamisha nyumba kwa jina la rafiki huyo na kumpa barua. Kila kitu kitategemea barua hiyo imesema nini.

Tuseme barua ya kwanza yasema hivi: "Nakupa nyumba yangu, nami naamini kwa wema wako utawaangalia yatima wa ndugu yangu."

Ni maneno mazuri, na rafiki mwema atayatimiza. Lakini sheria haimwulizi mtu wema wake. Yauliza: je, maneno haya yanamfunga? Kuamini, kutumaini, kuomba na kutamani ni maneno ya mtu anayemwachia mwenziwe hiari. Hayamtii kamba shingoni.

Shauri lile la Knight lilikuwa hivyo hivyo. Richard Payne Knight, bwana wa mashamba makubwa ya Downton, aliandika wasia wake mwaka 1814. Mali ile ilianzishwa na babu yake, naye alimwachia nduguye, Thomas Andrew Knight. Akaandika kwamba anautegemea uadilifu wa watakaomrithi, kuwa wataiendeleza mali hiyo katika kizazi cha kiume kama babu alivyotaka. Thomas alifiwa na mwanawe wa pekee mwaka 1827, kisha akataka mali iende kwa binti yake. Jamaa wa kiume wakadai kwamba Thomas alikuwa mdhamini tu, hana ruhusa ya kufanya hivyo. Jaji Langdale akawakatalia. Wasia ulikuwa umetumia neno lile lile ambalo Waingereza huitia amana, lakini kwa maana ya kumtegemea mtu, si ya kumfunga. Thomas alikuwa mwenye mali kamili, na alikuwa na haki ya kumpa amtakaye.

Wazee wangu, tuliangalie neno letu wenyewe katika mwanga huo. "Naamini" na "amana" ni maneno ya shina moja, na kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba akisema la kwanza amefanya la pili. Sivyo.

Basi katika barua yetu ya kwanza nyumba yakwenda wapi? Yabaki kwa rafiki, iwe mali yake halisi, kwa kuwa mzee alimpa na hakumfunga. Rafiki akifa, wanawe ndio watakaoirithi. Yatima hawana dai lolote mahakamani. Hii ndiyo njia ya yakini ya kwanza ikikosekana: mpokeaji huipata mali kuwa zawadi.

Isidhaniwe kwamba sheria yataka maneno ya kiwakili. Mwaka 1977 iliripotiwa hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza katika shauri la Paul na Constance. Mtu mmoja alipata fidia ya pauni 950 kwa kuumia kazini, akaziweka benki kwa jina lake peke yake. Mara nyingi alimwambia mwanamke aliyekuwa akiishi naye kwamba fedha zile ni zake kama zilivyo za kwake, na walitia humo pia fedha walizoshinda kwa pamoja katika mchezo wa bahati. Alipokufa, mke wake wa ndoa, aliyekuwa ametengana naye, alidai akiba yote. Mahakama ikasema hapana. Kwa maneno yale mepesi, yaliyorudiwa rudiwa, na kwa jinsi walivyozitendea fedha zile, alikuwa amejifanya mdhamini, na nusu ilikuwa ya yule mwanamke. Kwa hiyo mtu asiye na elimu ya sheria aweza kuweka amana kwa lugha ya barazani. Kinachotakiwa ni kwamba maneno na matendo yake yaonyeshe waziwazi kuwa mali si ya mshikaji peke yake.

Lakini mahakama zetu hazipendi kubuni amana pasipokuwa nayo. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Peter Ndungu Njenga na Sophia Watiri Ndungu mwaka 2000, ilisema kwamba amana haikisiwi ila kwa dharura ya lazima, na kwamba nia ya wahusika lazima ionekane wazi kabla ya amana kuthibitishwa. Mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha.

Natuingie katika barua ya pili. Mzee sasa ameshauriwa, naye amejifunza kufunga. Anaandika: "Nakupa nyumba yangu iwe yako, lakini ni lazima uwape yatima wa ndugu yangu sehemu kubwa ya kodi."

Hapa rafiki amefungwa, maana "ni lazima" si ombi. Lakini amefungwa kwa kitu gani? Sehemu kubwa ni nusu na kitu kidogo, au ni robo tatu, au ni yote isipokuwa gharama za matengenezo? Watu watatu wenye akili watataja viwango vitatu, na jaji hana mizani ya kuchagua kimoja. Mwaka 1854, katika shauri la Palmer na Simmonds, mwanamke mmoja alikuwa amemwachia mtu mali iliyobaki, na akaagiza kwamba akifa bila mtoto, sehemu kubwa ya mali hiyo iende kwa watu aliowataja. Mahakama ilisema kwamba maneno hayo hayataji kitu kinachoweza kushikika. Amana ikaanguka, na mali ikabaki kwa yule aliyepewa kwanza.

Vivyo hivyo katika barua yetu. Mzee alianza kwa kusema "iwe yako", kisha akataka kumega kipande kisichopimika. Kipande kisipoweza kumegwa, kitu chote husalia kwa mwenyewe. Rafiki abaki na nyumba pamoja na kodi yote, na yatima hawana kitu.

Lakini si kila mara mali isiyo na yakini humwendea mshikaji. Mwaka 1849 liliamuliwa shauri la Boyce na Boyce. Baba alikuwa na nyumba kadhaa, na wasia wake uliwaagiza wadhamini wampe binti yake Maria nyumba moja atakayoichagua mwenyewe, na zilizobaki wampe binti yake mwingine, Charlotte. Maria akafa kabla ya baba, naye hakuwa amechagua. Charlotte akaja kudai zilizobaki. Ni zipi basi? Hapana aliyeweza kusema Maria angechagua nyumba gani, na kwa hiyo hapana aliyeweza kusema ni zipi zingebaki. Amana ya Charlotte ikaanguka. Lakini wadhamini hawakupata kitu, kwa sababu tangu awali walipewa nyumba zile wazishike tu, hawakupewa ziwe zao. Zikarejea katika mirathi ya baba.

Tofauti ya mashauri haya mawili yafaa kukumbukwa. Uliza kwanza: mshikaji alipewa mali iwe yake, kisha akawekewa sharti lisiloeleweka? Ikiwa ndivyo, mali hubaki kwake. Au alipewa aishike tu kwa ajili ya wengine, na mafungu yao hayajulikani? Ikiwa ndivyo, mali hurudi ilikotoka.

Wala mwekaji halazimiki kutaja kila shilingi. Mwaka 1965, katika shauri la Golay, mtu aliagiza kwamba mfaidika wake apewe pato la kiasi kinachofaa kutokana na majumba yake. Mahakama ikalikubali agizo hilo, kwa kuwa mahakama yaweza kuangalia maisha ya mtu na kupima pato linalomfaa. Lakini "sehemu kubwa" haina kipimo cha kuishika. Jambo si tarakimu, bali ni kwamba pawe na kipimo ambacho mtu wa nje aweza kukitumia.

Hapa Pwani pana jambo jingine la kulichunga katika yakini ya mali. Twajua sote desturi ya nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba yake juu ya uwanja wa mwingine, naye humlipa mwenye uwanja kodi ya ardhi. Akiandika "naweka amana mali yangu ya Ziwa la Ng'ombe", je, amekusudia kuta na paa tu, au na ardhi iliyo chini? Asiye na ardhi hawezi kuiweka amana, kwa kuwa mtu hatoi asichonacho. Na mwenye nyumba mbili mtaani akiandika "nyumba yangu" pasipo kusema ipi, amewaachia wadhamini kitendawili cha akina Boyce. Basi mali itajwe kwa alama zake: nyumba iliyo mahali fulani, ya vyumba kadha wa kadha, iliyopakana na nani, pamoja na ardhi yake au bila ardhi, na namba ya kiwanja ikiwa ipo.

Sasa barua ya tatu. Mzee amefunga, na mali ameitaja barabara, lakini moyo wake umepanuka. Anaandika: "Nyumba hii si yako, uishike kwa amana, na kodi yake uitumie kwa mambo mema na kwa watu wanaostahili."

Yakini ya kwanza ipo, na ya pili ipo. Lakini ni nani awezaye kumshitaki rafiki huyu asipotimiza? Anayestahili ni nani, na jambo jema ni lipi? Mahakama haiwezi kuisimamia amana isiyojua inamlinda nani. Yatima wakija kudai, rafiki aweza kujibu kwamba kuna wengine wanaostahili zaidi yao, na jaji hana pa kumshika.

Katika jambo hili liko shauri ambalo kila chama kinachochanga fedha chafaa kulijua. Tarehe 4 Desemba, 1951, katika mji wa Chatham huko Uingereza, basi liliwagonga vijana wa mafunzo ya wanamaji waliokuwa wakiandamana barabarani usiku. Vijana 24 walikufa. Mameya wa miji mitatu ya jirani wakatangaza mchango katika gazeti, wakisema fedha zitatumika kwa mazishi, na kwa kuwatunza walioumia, kisha kwa jambo lolote linalostahili watakaloliamua wao mameya kwa ukumbusho wa marehemu. Zilipatikana karibu pauni 9,000. Mazishi na matunzo hayakuzimaliza. Mwaka 1958 mahakama iliulizwa: zilizobaki zifanyweje?

Mameya walikuwa waaminifu, na nia yao ilikuwa njema. Lakini mahakama ilisema kwamba "jambo linalostahili" halina yakini. Kama wangesema kwamba baki litumike kwa sadaka peke yake, lingeokoka, kwa kuwa amana ya sadaka husimama hata kama haikutaja ni sadaka gani, nayo mahakama yaweza kuitengenezea mpango. Lakini si kila jambo linalostahili ni sadaka mbele ya sheria. Basi amana ya fedha zilizobaki ikaanguka, na ikaamuliwa kwamba ni mali ya waliochanga, hata wale waliotia sarafu zao katika makopo ya barabarani na wasiojulikana majina. Hebu fikirini kazi ya kuwatafuta watu hao.

Njia hiyo ya kurudi yaitwa amana ya marejeo. Mdhamini alipewa mali aishike tu. Amana iliyotajwa imeanguka, lakini hilo halimfanyi mdhamini kuwa mwenyewe. Basi sheria humhesabu kuwa anaishika kwa ajili ya yule aliyeitoa. Mtoaji akiwa hai, arudishiwe. Akiwa amekufa, huingia katika mirathi yake.

Katika mfano wetu, mzee amekwisha kufa. Nyumba yarudi katika mirathi. Akiwa Mwislamu, itagawanywa kwa sharia, na watoto wa ndugu huzuiwa na wana wa kiume wa marehemu. Asipokuwa Mwislamu, Sheria ya Mirathi ya Kenya nayo huwatanguliza mke na watoto wa marehemu mbele ya watoto wa ndugu. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, yatima hawapati nyumba. Wana wakubwa, ambao mzee aliona wamekwisha jitegemea, ndio waliopata.

Angalieni, basi, jinsi barua tatu zilivyokwenda. Ya kwanza ilimpa rafiki nyumba yote. Ya pili ilimwachia rafiki tena, kwa kuwa kipande hakikupimika. Ya tatu iliirudisha nyumba kwa wana wa mzee. Katika zote tatu mzee alikuwa na yatima wale wale moyoni, na katika zote tatu hawakupata hata chumba kimoja.

Kabla ya kuacha yakini ya tatu, lipo neno letu lililo hatari kuliko yote, nalo ni "ndugu". Ndugu ni tumbo moja. Ni mtoto wa ami na wa khalati. Ni mtu wa kijiji kimoja. Na hapa mkutanoni tumeitana ndugu sisi kwa sisi. Ukiandika kwamba kodi igawanywe sawasawa kwa ndugu zangu wote, mdhamini hawezi kutoa hata fungu moja kabla ya kuwa na orodha kamili, kwa kuwa hujui kugawanya kwa ngapi ikiwa hujui wako wangapi. Ukimpa mdhamini hiari ya kuchagua yeyote miongoni mwao, kanuni hulegea kidogo. Baraza la Malodi la Uingereza liliamua mwaka 1970, katika shauri la McPhail na Doulton, kwamba amana ya hiari haihitaji orodha. Yatosha kuwa yeyote atakayekuja, yaweza kusemwa kwa hakika kwamba yumo au hayumo. "Wajukuu wangu" wapita mtihani huo. "Marafiki wangu wa zamani" hawapiti.

Sasa natuandike barua ya nne, iliyo sawa: "Nakukabidhi nyumba yangu ya vyumba 6 iliyoko Ziwa la Ng'ombe, yenye mipaka iliyotajwa hapa chini. Nyumba hii si mali yako. Uishike kwa amana kwa ajili ya watoto watatu wa marehemu ndugu yangu, ambao ni fulani, fulani na fulani. Kodi utoe kwanza gharama za matengenezo na kodi ya ardhi, na inayobaki uigawanye kwa mafungu matatu yaliyo sawa. Mdogo wao akitimiza miaka 18, uwakabidhi nyumba hiyo wote watatu, kwa mafungu yaliyo sawa."

Si barua ndefu. Maneno "si mali yako" na "uishike kwa amana" yametimiza yakini ya kwanza. Nyumba na mafungu vimetimiza ya pili. Majina matatu yametimiza ya tatu. Rafiki akiila kodi, yatima wanaweza kusimama mahakamani. Na akifa, warithi wake hawaipati nyumba kuwa yao, bali mdhamini mwingine atawekwa.

Niongeze hapa sharti moja lililo nje ya yakini tatu. Maneno hayatoshi ikiwa mali haikuhamishwa kwa mdhamini kama sheria inavyotaka. Tangu shauri la Milroy na Lord la mwaka 1862 imekuwa kanuni kwamba mahakama haimkamilishii mtu zawadi aliyoiacha nusu njia. Barua nzuri iliyofungiwa sandukuni, na nyumba ingali kwa jina la mzee, haijampa yatima kitu.

Pengine mtaniuliza juu ya amana ya kimila, inayosikika sana siku hizi. Ni kweli kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, inaitambua amana hiyo hata kama haikuandikwa katika daftari la ardhi. Na Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Kiebia na M'Lintari la mwaka 2018, ilieleza dalili zake: kwamba ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi kabla ya kusajiliwa; kwamba mdai ni wa familia au kundi hilo, na uhusiano wake si wa mbali mno; kwamba angestahili kusajiliwa kama si jambo fulani lililoingia kati; na kwamba anayedaiwa naye ni wa familia au kundi hilo hilo. Amana hiyo hutokana na historia ya ardhi yenyewe. Yatima wa mfano wetu wasingeokolewa nayo. Nyumba ilikuwa ya mzee mwenyewe, na aliyeandikishwa ni rafiki asiye wa ukoo wao. Mtaa wetu umekusanya watu wa pande nyingi, na wengi tumezipata nyumba zetu kwa kununua au kwa kujenga. Kwetu sisi tegemeo ni maneno tuliyoyaandika.

Mwisho nageukia chama chetu. Tunapopitisha mchango wa msiba, mara nyingi tangazo husema "kumsaidia mjane, na baki litumike kwa maendeleo". Hilo "baki kwa maendeleo" ni ndugu wa "jambo linalostahili" la mameya wale. Naishauri kamati kwamba kila tangazo la mchango litaje mambo matatu: kwamba fedha hizi zashikwa kwa amana, katika hesabu iliyo mbali na fedha nyingine za chama, kwamba ni kwa ajili ya mjane fulani na watoto wake, na kwamba zitakazobaki ni zao pia, au zitaingia katika mfuko wa mazishi wa wanachama, kwa jina lake. Mstari mmoja wa namna hiyo utamzuia mweka hazina asiulizwe baadaye swali ambalo hata jaji alilijibu kwa taabu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Mheshimiwa Mwenyekiti.